Shajara ya ukuta wa mita 9.6: miraba, rula na neno VYA

Jumatatu, 7 Julai

Leo ni Sabasaba na duka limefungwa, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuutazama ukuta bila watu kupita mbele yangu. Ni ukuta wa ubavuni wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, kando ya barabara iendayo Msamvu, na mama mwenye duka anataka tangazo likamilike kabla ya maonyesho ya Nanenane, wakati wakulima wanapoingia mjini kwa wingi. Mpaka sasa nimechora vibao vya vinyozi, milango ya mama lishe na namba za nyumba. Kibao kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvichora kilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Ukuta huu una urefu wa mita 10 na sentimita 20, na chini ya bati kuna kimo cha kutosha mita 3.6 kamili.

Maneno aliyoyataka ni haya: VIFAA VYA UJENZI kwa herufi kubwa juu, SARUJI NONDO MABATI katikati, na JUMLA NA REJAREJA chini. Hakuna picha wala kivuli cha herufi, jambo ambalo linaonekana rahisi, lakini herufi zikiwa peke yake ukutani hazina mahali pa kuficha kosa.

Mzee aliyenifundisha kazi huchora kwa jicho. Husimama, hupima kwa kiganja, huvuta mstari mmoja wa chini kwa kamba, kisha herufi hutoka moja baada ya nyingine hadi zinaishia pale pale alipokusudia. Nilimweleza kwamba mimi nitachora miraba ukuta mzima kabla ya kugusa rangi. Akaniambia, “Mwanangu, mimi nimechora miaka mingi ndipo jicho langu likawa rula. Wewe huna miaka hiyo, basi chukua rula.” Sikulichukua kama neno la kunidharau. Mtu aliyesimama nusu mita kutoka ukutani haoni zaidi ya herufi moja na nusu, na jicho ambalo halijazoea haliwezi kukumbuka kimo cha herufi iliyo mita nane nyuma yake.

Jumatano, 9 Julai

Siku nzima nimekuwa mezani. Nimeacha sentimita 30 kila upande wa ukuta, hivyo eneo la kazi ni mita 9.6 kwa mita 3.6. Kwenye karatasi nimelipunguza mara 20, likawa sentimita 48 kwa 18. Mraba wa sentimita 30 ukutani unakuwa mraba wa sentimita moja na nusu kwenye karatasi, na miraba yote ni 32 kwa upana na 12 kwa kimo. Nimechagua 30 kwa sababu inaingia mara kamili kwenye vipimo vyote viwili, na kwa sababu mraba wa ukubwa huo unaenea machoni pa mtu aliye karibu na ukuta. Mraba wa nusu mita ungeniacha nikikisia mikunjo ya S na J, na mraba wa sentimita 10 ungejaza ukuta mistari mingi kiasi cha kupotea ndani yake.

Mistari ya wima nimeipa namba kutoka 0 hadi 32, na ya mlalo nimeipa herufi. Nimezipa namba mistari yenyewe badala ya kuyapa majina matundu ya miraba, kwa sababu ninachokihamisha ukutani ni sehemu ambapo ukingo wa herufi unakata mstari. Nikisema “V inaanza mstari wa 2, inagusa chini mstari wa 3”, hakuna la kubishania.

Herufi za juu zina kimo cha miraba mitatu, yaani sentimita 90, na unene wa sentimita 15. Nikiacha miraba miwili kila upande zinabaki miraba 28 ya maandishi. Herufi zote 14 kwa pamoja zinachukua miraba 22 na nusu, nafasi mbili kati ya maneno zinachukua mraba mmoja kila moja, na zinabaki miraba mitatu na nusu ya kugawa kati ya mapengo 11 yaliyo ndani ya maneno. Kila pengo linapata sentimita 9 na nusu hivi. Niliridhika sana na hesabu hiyo. Kila herufi ilikuwa imekaa ndani ya sanduku lake na kila sanduku liliachana na jirani yake kwa kipimo kile kile.

Ijumaa, 11 Julai

Ukuta umekwisha kukwanguliwa, kupigwa msasa na kupakwa mikono miwili ya rangi ya maji nyeupe. Eneo lote halifiki mita za mraba 35, na galoni mbili za lita 4 zimetosha kwa shida.

Kazi ya leo ilikuwa kupata mstari wa kwanza ulio sawa. Pimamaji langu lina urefu wa sentimita 60, na kulisogeza mara 16 ni kukusanya makosa 16, kwa hiyo nilitumia mpira mwangavu uliojaa maji. Ncha moja inashikwa kwenye alama, nyingine inapelekwa mwisho wa ukuta, na maji hutulia katika kimo kile kile pande zote mbili. Kijana wa dukani alinishikia ncha ya pili. Mara ya kwanza maji yalionyesha tofauti ya sentimita 4, na tulipobadilishana pande yakaonyesha nyingine kabisa. Kosa lilikuwa kiputo cha hewa kilichojificha kwenye mkunjo wa mpira. Tuliumwaga, tukaujaza upya polepole kutoka ndoo iliyowekwa juu, tukaunyoosha wote chini na kuukagua kwa macho, na kuanzia hapo vipimo vitatu vilikubaliana.

Kumbe zege la pembeni, lile lililomwagwa chini ya ukuta ili maji ya mvua yaondoke, linashuka sentimita 11 kutoka mwanzo hadi mwisho wa eneo langu. Kwa jicho halionekani. Kama ningepima kimo cha herufi kwa kuanzia sakafuni, kama nilivyozoea kwenye milango, maandishi yote yangeteremka pamoja na zege, na chini ya ukingo wa bati, ambao mpira umeonyesha kuwa uko sawa, mteremko huo ungesomeka mara moja kutoka barabarani.

Nimeamua kuyaweka maandishi kwenye mstari wa maji, na chini nitapaka ukanda wa bluu ambao ukingo wake wa juu uko sawa na herufi. Upande mmoja ukanda utakuwa na sentimita 60, upande mwingine 71. Tofauti hiyo yote itaishia chini, mahali ambapo vumbi na matope hufika, na jicho halina herufi ya kuilinganisha nayo.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kosa. Nitaliandika kwa ukamilifu.

Pembe ya kushoto niliipata kwa hesabu ya tatu, nne, tano ambayo mafundi waashi wote wanaijua: sentimita 90 kwenda juu, 120 kwenda pembeni, na kamba ya kuunganisha ncha hizo ni lazima iwe 150. Timazi ilikubaliana nayo. Mstari wa chini niliugawa kwa futi ndefu iliyonyooshwa mara moja kutoka mstari wa 0: 30, 60, 90, hadi 960. Juu, kwa kuwa nilikuwa peke yangu kwenye jukwaa la mirunda na sikuwa na mtu wa kunishikia futi, nilikata kibanzi cha mbao cha sentimita 30 nikawa nakisogeza hatua kwa hatua, nikitia alama ya penseli mwishoni na kuanza upya kutoka kwenye alama hiyo. Nilipofika mstari wa 32 nilijisikia nimeokoa muda.

Kabla ya kuvuta kamba za wima nilipima mishazari, kwa sababu mstatili wa kweli una mishazari iliyo sawa. Kwa mita 9.6 na 3.6 kila mshazari unapaswa kuwa mita 10.25. Mmoja ulikuwa hivyo. Ule wa kutoka chini kushoto hadi juu kulia ulitoka mita 10.31. Nilidhani futi imelegea, nikarudia, nikapata vile vile. Ndipo niliposhusha timazi kutoka alama ya juu ya 32, nayo ikaanguka zaidi ya sentimita 6 nje ya alama ya chini.

Kibanzi hakikuwa na kosa kubwa. Nilipokipima kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye penseli: kila mara niliweka alama nje kidogo ya ncha ya kibanzi na kuanza hatua mpya upande wa mbali wa alama hiyo, na kila hatua ikaongeza milimita 2. Milimita 2 hazionekani. Mara 32 zinafika sentimita 6.4. Kama ningevuta kamba bila kupima mishazari, mistari ya mwanzo ingekuwa wima, ile ya katikati ingelala kidogo, na ya mwisho ingelala kiasi cha kuifanya I ya UJENZI ianguke kulia, nami ningeitafuta sababu kwenye herufi wakati iko kwenye miraba.

Nilifuta alama zote za juu. Kijana wa dukani alikuja kushika futi kwenye 0, tukazisoma zote kwa mvuto mmoja. Kosa la milimita 2 katika njia hii linabaki milimita 2 mahali lilipotokea, halimrithishi jirani. Mishazari ilitoka 10.25 na 10.25. Mistari niliipiga kwa uzi uliosuguliwa chaki ya shule ya bluu. Makaa niliyakataa kwa sababu hutia weusi kwenye nyeupe, na unga mwekundu wa kutilia rangi sakafu hung’ang’ania na kujitokeza chini ya rangi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimehamisha herufi zote za juu kwa chaki. Kazi hii ni ya utulivu kuliko nilivyodhani. Sichori V, bali natia nukta pale ukingo wake unapokata mistari, kisha naunganisha nukta kwa rula ndefu ya mbao. Nikiwa karibu kiasi kile sijui hata ni herufi gani, na hilo ni jema, kwa sababu mkono unaojua unachora V hukimbilia kuimaliza.

Jioni nilivuka barabara, nikageuka. VIFAA ilisomeka. UJENZI ilisomeka. Katikati, kati ya mstari wa 12 na wa 19, neno VYA lilikuwa limevunjika. Niliona V, kisha Y, kisha A, herufi tatu zilizosimama mbalimbali kama watu wasiojuana, wakati I na F za neno la kwanza zilikuwa zimebanana. Nilirudi kupima. Mapengo yote yalikuwa sentimita 9 na nusu, bila hata moja kukosea.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro muda mrefu. Niliogopa kwamba nimeiamini rula mno na kwamba Mzee angefanya vizuri zaidi bila hata chaki. Nilimpigia simu, naye akafika kwa baiskeli kabla ya giza. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama kimya. Akauliza, “Kwenye karatasi hukuliona?” Nilimjibu kwamba sikuliona. Akaichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akanipa. Ikiwa imegeuzwa sikuweza kuisoma, na kwa kuwa sikuweza kuisoma niliona maumbo tu: vipande vyeupe vikubwa katika VYA, na ufa mwembamba kati ya nguzo mbili za I na F. Lilikuwapo tangu Jumatano iliyopita, lakini nilikuwa nasoma neno badala ya kutazama nafasi.

Sababu yake ni hii. Nilipima pengo kati ya sehemu zinazokaribiana zaidi, kumbe jicho hulipima pengo kwa weupe wote uliomo kati ya herufi mbili, kutoka juu hadi chini. I na F ni nguzo mbili, na kati yake mna ukanda mwembamba tu. V na Y zinakaribiana juu lakini chini zinaacha uwazi mkubwa. Y na A ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ubavu wa moja unalala sambamba na wa nyingine, na pengo la sentimita 9 na nusu linakuwa bonde. Kiswahili chetu kimejaa hali hii: VYA, VYAKULA, VYOMBO, VYUMA. Mchoraji wa mabango hapa hawezi kuikwepa.

Jumatano, 16 Julai

Jana sikugusa ukuta. Nilirudi mezani, kwa sababu Mzee alinishauri nisisukume herufi kwa macho nikiwa juu ya jukwaa. “Umeona kosa kwa jicho,” alisema, “sasa lirekebishe kwa rula, ili ukuta ujue umeamua nini.”

Nilikata herufi za karatasi nikazisogeza juu ya miraba midogo hadi weupe wa kila pengo ukaonekana kuwa sawa, nikiigeuza karatasi juu chini kila mara, kisha nikapima nilichokipata na kukizidisha mara 20. A ya VYA imesogea kushoto sentimita 18, hata mguu wake umeingia chini ya mkono wa Y. V na Y zimekaribiana hadi sentimita 4, nazo haziwezi kuingiliana kwa kuwa zote ni pana juu. A mbili za VIFAA zimebaki na sentimita 3 miguuni, na A ya kwanza imesogea kuelekea F hadi mguu wake ukaribie kugusa mstari wa wima unaoshuka kutoka ncha ya mkono wa F. Kati ya V na I nimepunguza kidogo tu. Kwa jumla nimeokoa kama sentimita 43. Takriban nusu yake imeongeza nafasi kati ya maneno, na iliyobaki imekwenda kwenye nguzo zilizobanana, I na F kwanza, kisha herufi za UJENZI.

Leo nimefuta maandishi ya juzi kwa kitambaa kikavu, miraba ikabaki, nikahamisha upya. Hili ndilo lililonirudishia imani. Kama ningekuwa nimechora kwa jicho, kusogeza herufi 14 kungekuwa kuanza upya na kukisia upya. Hapa ilikuwa kubadilisha namba: A inayoanza karibu na mstari wa 17 sasa inaanza mahali fulani palipopimwa, na kila inayofuata inajua pake. Nilipovuka barabara jioni, VYA lilikuwa neno moja.

Ijumaa, 18 Julai

Mstari wa pili una herufi za sentimita 45. Hapa kulikuwa na jambo la O mbili za NONDO. Nikizikata juu na chini sawasawa na N zitaonekana fupi, kwa sababu O hugusa mstari kwa nukta ndogo tu ya mkunjo wake, wakati N hukanyaga kwa miguu. Nilikuwa nimeusikia ushauri huu zamani na kuupinga kimoyomoyo, kwani mstari ni mstari. Baada ya VYA sikubisha tena. Lakini badala ya kuiacha O ipite mstari kwa kukisia, nimepiga mistari miwili ya ziada, sentimita moja juu na sentimita moja chini, ambayo ni ya herufi za mviringo tu: S ya SARUJI na O za NONDO. U na J nimezishusha chini pekee, kwa kuwa juu zinamalizika kwa ncha bapa.

Nimeanza rangi ya mafuta, nyekundu juu. Ukuta unatazama kaskazini, na mwezi huu jua la kwetu hupita upande wa kaskazini, hivyo unapigwa karibu siku nzima. Saa sita mchana rangi ilikuwa ikikauka kabla sijaiunganisha, ikaacha michirizi ya brashi kwenye U. Sasa ninapaka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, kisha tena kuanzia saa kumi. Kabla ya kila herufi ninapangusa chaki hadi ibaki kivuli tu, kwa sababu rangi ikikaa juu ya unga hushika unga badala ya ukuta na siku moja hubanduka kama ganda. Kingo ninazipaka kwa brashi bapa ya inchi moja na mkono umeegemezwa kwenye fimbo, kisha ninajaza katikati kwa brashi ya inchi mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Mkono wa pili umekamilika Jumamosi, ukanda wa bluu jana. Leo asubuhi nimefuta miraba kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Nimeanzia juu kushuka, ili maji ya chaki yasichirizike juu ya sehemu iliyokwisha kusafishwa. Mstari wa 0 na wa 32 nimevifuta mwisho, na ukuta ulipobaki na herufi peke yake nilihisi wasiwasi kana kwamba nimeondoa nguzo.

Nilivuka barabara na mama mwenye duka. Alisoma kwa sauti mara moja bila kusita, kisha akauliza kama ukanda wa bluu una upana sawa pande zote, kwa kuwa jirani yake anataka kama huo. Nilimwambia una sentimita 60 huku na 71 kule. Akautazama tena, akakataa, nikampa futi akaenda kupima mwenyewe.

Mzee alifika mchana. Alisimama mbele ya Y na A, akaweka kiganja katika nafasi iliyo kati yake, kisha kati ya N na Z, kisha kati ya I na F, akiwa hasemi. Aliponirudia aliomba ile karatasi ya miraba, akaikunja na kuiweka mfukoni mwa shati. Ana ukuta wa mita 14 kule Kihonda mwezi ujao, na amenitaka niende naye Alhamisi kupima mishazari.